Nyundo imelala: shairi la siku ya kuzaliwa kwa mke anayekesha kazini

*Mwalimu, shikamoo. Mimi ni fundi seremala, niko Morogoro. Mke wangu ni muuguzi wodi ya wazazi, anaingia saa mbili usiku, anatoka saa mbili asubuhi. Mwezi ujao ana siku yake ya kuzaliwa, tarehe 14, na ratiba inaonyesha usiku wa 13 yuko zamu na usiku wa 14 yuko zamu tena. Nataka kumwandikia shairi la vina na mizani, si maneno ya kunakili kwenye simu. Nimeandika ubeti huu:*

*Ewe mke wangu mpenzi, leo umezaliwa,*
*Wewe ni malkia wa enzi, moyoni umeingia,*
*Usiku huwa silali, kitandani nabakia,*
*Hepi besdei mpenzi, miaka mingi nakutakia.*

*Rafiki yangu anasema halijakaa sawa ila hajui kwa nini. Naomba unisahihishe, na uniambie nimpe lini. Samahani kama nimekosea, muda wa kuandika naupata asubuhi tu, kwa sababu kibanda changu kiko nyuma ya nyumba na mama watoto akiwa amelala sipigi nyundo mpaka saa nane. Yeye mwenyewe huvua viatu barazani akaingia navyo mkononi kama mwizi, na watoto wenyewe wameshaenda shule, nami nimetundika kitenge dirishani apate giza.*

Marahaba, fundi. Rafiki yako ana sikio zuri. Tuanze na vipimo, maana hilo ni jambo unalolielewa kuliko mimi.

Ulichojaribu kuandika ni tarbia: ubeti wa mishororo minne, kila mshororo una mizani 16, nao umekatwa katikati, nane upande wa ukwapi na nane upande wa utao. Mizani moja ni silabi moja inayotamkwa. Piga meza kwa kidole kila sauti inapodunda. "Mpenzi" inadunda mara tatu, m-pe-nzi, kwa sababu ile *m* inasimama peke yake. "Mbili" inadunda mara mbili tu, mbi-li, kwa sababu *m* imegandana na *b*. Neno la kigeni lenye konsonanti iliyobaki bila irabu nalo linaihesabu: "malkia" ni ma-l-ki-a, mizani nne, si tatu.

Sasa pima mshororo wako wa kwanza. E-we-m-ke-wa-ngu-m-pe-nzi ni tisa. Le-o-u-me-za-li-wa ni saba. Jumla ni 16, na nadhani hapo ndipo ulipoona umepatia. Lakini ni sawa na meza ambayo mguu mmoja umeukata mrefu na mwingine mfupi kwa kiasi kilekile. Mbao ni zilezile, meza inayumba. Mshororo wa pili una kumi na nane, wa nne una tisa na kumi. Wa tatu ndio pekee uliotimia nane kwa nane, ila kina chake cha kati ni *li* wakati wenzake wote ni *nzi*. Vina vya mwisho navyo: mishororo mitatu inaishia na *a*, huo wa kwanza unaishia na *wa*. Shairi la namna hiyo tunaliita guni. Wapo wanaotunga bila vina wala mizani kwa makusudi, na mabishano juu ya hilo yalikuwa makali sana miaka ya 1970, lakini wewe umeomba vina, basi tuvitimize.

Hayo ni ya randa na msasa, yanarekebishika kwa mchana mmoja. Lililonisumbua zaidi ni maneno yenyewe. "Malkia wa enzi" hukumwita wewe, kimemwita kina. Ulishaandika "mpenzi", ukatafuta kinachofanana nalo, "enzi" ikaja na malkia wake. Kuna njia rahisi ya kukijua kina cha namna hiyo: uliza kama neno lile ungelimwambia mkeo jikoni, siku ya kawaida. Kama hapana, limeletwa na kina. "Leo umezaliwa" nayo iangalie tena, fundi. Mtu anayeshinda usiku wodi ya wazazi akisikia "leo umezaliwa" ataangalia saa ajaze kadi.

Halafu ule mshororo wa tatu, uliotimia mizani, unazungumza habari zako wewe: hulali, umebaki kitandani. Mashairi mengi ya waume wenye wake wa zamu huangukia hapo. Mtu anakusudia kusifu, mkono unaandika malalamiko. Mke akisoma kwamba usiku ule alipokuwa amesimama kwa muda wa saa kumi na mbili wewe ulikuwa unateseka juu ya godoro, hawezi kulipokea kama zawadi. Mshororo huo utoe wote, japo umetimia.

Shairi lako unalo tayari, ila umeliweka mahali pasipo pake. Liko chini kabisa ya barua, kwenye sentensi ya kuomba radhi. Seremala asiyepiga nyundo mpaka saa nane, kitenge dirishani, viatu mkononi. Hakuna mwanamume mwingine anayeweza kumwandikia mkeo maneno hayo, na yeye akiyasoma atajua hukuyatoa kwenye simu.

Nianze na kibwagizo, ule mshororo wa nne utakaorudi, maana huo ukikaa sawa mingine inauelekea. Jaribio langu la kwanza lilikuwa "Nyundo sipigi ulale". Nane zimetimia, lakini ni mimi tena, mimi nisiyepiga, kama ninayedai asante. Nikageuza nyundo ndiyo ifanye kazi: "Lala, nyundo imelala". La-la-nyu-ndo-i-me-la-la, nane. Kwa upande wa pili nilitaka kitenge. "Kitenge kiko dirishani" ni tisa. Nikaikata *ko*, "kitenge ki dirishani", ikawa nane, ila imekaa kama orodha ya vitu vya chumbani. Basi nikajiuliza kitenge kile kinafanya nini pale. Kinafunika jua. Ndipo ikaja: "jua nimelifunika".

Ubeti wa kwanza ukajijenga juu yake:

*Umefika mlangoni, kumekwisha pambazuka,*
*Viatu vi mkononi, miguu imeshachoka,*
*Usingizi u machoni, watoto wameondoka,*
*Lala, nyundo imelala, jua nimelifunika.*

Utaona nimeandika "vi mkononi" na "u machoni". Kwa maneno ya kila siku ni "viko" na "uko", lakini kila moja ingefikisha tisa. Kufupisha neno hivyo ni inkisari, na mshairi anaruhusiwa. Aliyetumia inkisari kila mshororo, hata hivyo, msomaji humwona akihangaika na futi, kwa hiyo mbili katika ubeti zinatosha. Vina vya kati ni *ni*, vya mwisho ni *ka*, na kibwagizo kina kina chake cha kati, *la*, ambacho kitarudi nacho kila ubeti bila kosa lolote.

Ubeti wa pili ni wa kazi yake, na hapo nakuomba utulie, kwa sababu hukuwepo. Mume haoni zamu, anaona mwisho wa zamu. Usiandike mambo ya mgonjwa fulani aliyokusimulia, hata kama hukutaja jina. Hayo ni siri za wodini, naye ataona vibaya kuyakuta kwenye karatasi. Chukua lile ambalo kila mtu analijua kuhusu wodi ile: watoto hupokewa, na kila aliye chumbani husubiri kilio cha kwanza. "Kupokea" ndilo neno lao la kazi, basi nililifanya ndilo liite vina. Mwisho wake wa *-ea* una ndugu wengi kwa sababu ya kauli ya kutendea: kungojea, kutokea, kuletea. Wingi huo ni mtego vilevile. Vina rahisi huvuta maneno rahisi, kwa hiyo nilichagua matatu ambayo kweli yana kazi wodini.

*Wangapi umepokea, usiku ule mmoja,*
*Kilio ukingojea, hadi pumzi zikaja,*
*Siku yako yatokea, umesahau kungoja,*

Mshororo wa tatu ndio uliokuwa mgumu. Nilitaka kutaja siku ya kuzaliwa, na "siku ya kuzaliwa" inakula mizani saba peke yake. Kwenye kipande cha nane inakuachia moja. Ukiongeza "heri ya" mbele ni kumi, umeshapita. Lakini hakuna haja ya jina zima. Anayepokea siku za kuzaliwa za watoto wa watu usiku kucha, ukimwambia "siku yako" anajua ni ipi. Na hapo ndipo penye jambo lenyewe: kila siku ya kuzaliwa wodini ina mtu anayeingoja, yake imetokea akiwa anangoja za wengine.

Kabla sijaendelea na ubeti wa tatu nijibu lile swali la lini, kwa sababu limebadilisha shairi.

Umepata shida na tarehe kwa kuwa unahesabu kwa simu, ambayo hubadilisha siku saa sita usiku. Wazee wetu huhesabu siku kuanzia jua linapozama. Ndiyo maana husemwa usiku wa kuamkia Ijumaa, na wengine huuita usiku wa Ijumaa moja kwa moja. Kwa hesabu hiyo siku ya mkeo inaanza jioni ya tarehe 13, anapovaa sare na kutoka, na inakwisha jua likizama tarehe 14, anapojiandaa kutoka tena. Nusu ya kwanza ya siku yake ataitumia kazini na nusu ya pili usingizini. Kilichobaki kwa ajili yako ni ncha mbili: dakika chache asubuhi na dakika chache jioni.

Asubuhi usimsomee kitu. Nasema kwa kuumia mwenyewe. Shairi la kwanza nililomwandikia mke wangu lilikuwa na beti kumi na mbili, nikamsimamishia mlangoni akiwa katoka safari ya usiku kwa basi. Alisikiliza beti mbili kwa adabu, ya tatu alikuwa amesinzia kakaa, mkoba mapajani. Asubuhi mpe ubeti mmoja tu, ule wa kwanza, kwenye karatasi juu ya mto. Ausome amesimama, alale. Ukitaka kumtumia kwa simu akiwa bado njiani, ubeti ule una herufi 155 ukihesabu na nafasi na mikato, na ujumbe mmoja wa kawaida wa simu unabeba 160, kwa hiyo utafika mzima bila kukatika. Kwa WhatsApp andika kila kipande mstari wake, mistari minane mifupi. Kioo cha simu ni chembamba, mshororo wa mizani 16 utajikunja mahali usipotaka na vina vyote vya kati vitapotea machoni.

Ubeti wa pili usiuweke juu ya mto. Kuna usiku ambao kilio kinangojewa na hakiji. Wewe unapouandika wiki mbili kabla hujui usiku wa tarehe 13 utakuwa wa namna gani. Akirudi na uzito huo moyoni, halafu kitandani akute "hadi pumzi zikaja", utakuwa umemchoma bila kujua. Ngoja jioni. Mtazame anavyoamka, msikilize anavyoongea habari za jana. Kama ilikuwa njema, msomee. Kama haikuwa, ruka uende wa tatu, na wala usimweleze kwamba umeruka. Kwa sababu hiyo kila ubeti nimeutunga usimame peke yake bila kutegemea uliotangulia.

Jioni, hata hivyo, kibwagizo kinagoma. Huwezi kumwambia "lala" mtu aliyeamka anayejiandaa kwenda kazini. Nikafikiri nibadili liwe "Amka, nyundo imelala": a-m-ka ni tatu, kipande kinafika tisa, guni hilo. Neno la mizani mbili ndilo lililotakiwa, nalo ni "keti". Upande wa pili, jua la jioni halihitaji kitenge chako tena, linajifunika lenyewe. Ju-a-li-me-ji-fu-ni-ka, nane. Kwa hiyo asubuhi ni "jua nimelifunika", jioni ni "jua limejifunika", herufi zimebadilika chache na siku nzima imepita katikati yake.

Ubeti wa tatu, basi:

*Jioni umeamka, pilau iko mezani,*
*Mwaka umeongezeka, hukuhesabu kazini,*
*Kabla hujaondoka, nusu saa barazani,*
*Keti, nyundo imelala, jua limejifunika.*

"Kabla" nimeihesabu ka-b-la, tatu. Ubeti wa pili nao unaufunga kwa mshororo huohuo wa "Keti". Pilau nimeiweka kwa kubahatisha. Kama kwenu sherehe ni kuku wa kupaka au ndizi nyama, badilisha, ila pima. "Ndizi ziko mezani" ni saba, itakulazimu useme "ndizi nyama ni mezani" na hapo sarufi inachechemea, bora "ndizi nyama i mezani". Unaona jinsi kazi inavyorudi kila unapogusa kipande kimoja. Umri wake nimeuacha. Namba zina mizani nyingi, "thelathini na mitatu" ni nane kamili, inajaza kipande chote na haisemi neno.

Kile kipande cha "nusu saa barazani" ndicho ninachotaka ukivunje utie chako. Hukuniambia mnakaa wapi mnapopishana, au kama kuna kikombe fulani, au neno mnaloitana. Nafasi ni mizani nane na mwisho uwe *ni*. Tafuta kile ambacho mimi nisingeweza kukijua. Kikikaa kibaya kidogo kuliko changu, kiache hivyohivyo, maana hicho ndicho atakachokirudia njiani.

Umsomee mwenyewe, polepole, kila ukwapi ukiisha vuta pumzi ndogo kabla ya utao. Usikimbilie kibwagizo kwa kuwa kimezoeleka. Ndicho cha kushusha sauti. Na kwa kuwa jua litakuwa linazama saa kumi na mbili unusu hivi, na yeye akitoka nyumbani kwenye saa moja, usianze baada ya pilau. Anza sahani zikiwa bado zimefunikwa, uwe umemaliza kabla hajaanza kutazama saa. Siku hiyo kibandani funga mapema, ufagie maranda, na nyundo iwe kweli imelala, maana kutoka barazani ataweza kuiona.